Hodi Skuta: Maneno ya kuuza sola bila kufungiwa mlango

Ukiwa umewahi kuuza kitu mlango kwa mlango, unajua sekunde za kwanza ndizo ngumu. Shosho anafungua mlango nusu, mkono mmoja bado umeshika komeo, anakuangalia viatu kwanza kisha uso. Pale Skuta, Nyeri, ameshaona vijana wengi wenye fulana za kampuni. Wengine walimuuzia kitu kikafa, na namba zao hazishiki tena.

Wauzaji wengi huandika maneno yao wakianza na sifa za bidhaa: paneli nzuri, taa nne, redio ya bure. Hayo ndiyo shosho hakuuliza. Mimi nilisomea uuzaji chuoni, lakini kitu kilichonisaidia zaidi ni daftari dogo la kuandika maswali ambayo watu huniuliza mlangoni. Ukiyahesabu, matatu yanarudi kila mara. Andika majibu yake kwanza, halafu salamu na mengine yatajipanga yenyewe.

"Na Julai kukiwa na ukungu?"

Hili ndilo swali la Nyeri. Kuanzia Juni hadi Agosti jua linaweza kukosa kuonekana siku nzima, na kila mtu ana jirani ambaye TV yake ilizima saa mbili usiku. Usimjibu kwamba "hii yetu inafanya kazi hata na mawingu." Inafanya, lakini kidogo, na yeye anajua hivyo. Mjibu kwa hesabu ya nyumba yake, mbele yake.

Mfano: ana taa 4 za wati 5, anaziwasha saa 5. Hiyo ni wati-saa 100. TV ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Simu tatu ni kama 30. Jumla ni 250 kwa siku. Kuna umeme unaopotea kwenye nyaya, betri na vumbi la paneli, kwa hivyo tuseme asilimia 70 tu ndiyo inamfikia. Paneli basi inafaa kutoa karibu 360.

Sasa gawanya kwa saa za jua kali. Mwezi mzuri mimi huhesabu saa 5, napata wati 72, na paneli ya 80 inatosha. Kwa Julai huhesabu saa 3, napata wati 120. Ukimuuzia ile ya 80, Julai atabaki na wati-saa 168 hivi. Akitoa taa na simu, TV inabaki na saa moja na kidogo. Hapo ndipo ile hadithi ya jirani ilitoka: paneli haikuwa mbovu, ilipimwa kwa jua la Februari.

Kwa hivyo sema hivi: "Shosho, hii ya 80 ni ya bei rahisi, lakini Julai TV itazima mapema. Hii ya 120 itakupitisha kwa baridi. Ukitaka ile ndogo nitakuuzia, lakini nisingependa unipigie Julai ukiwa na hasira." Na kama anataka kupigia pasi au kuchemshia maji, mwambie wazi kwamba mfumo huu hauwezi. Pasi moja hula wati 1,000 na zaidi.

Kabla ya kutaja bei, toka nje umwombe mtazame paa pamoja. Kivuli cha mvokado au cha nyumba ya jirani kikifunika kona moja ya paneli, umeme wa paneli nzima unaweza kushuka sana. Uliza kivuli hufika wapi saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Kama hakuna pahali pazuri, mwambie, umpe shukrani, uende mlango unaofuata.

"Nitajuaje wewe si mkora?"

Usikasirike ukiulizwa. Swali hili halijibiwi kwa maneno, linajibiwa kwa vitu anavyoweza kushika. Cha kwanza ni kitambulisho chako cha kazi na namba ya ofisi, apige yeye mwenyewe. Cha pili ni leseni ya fundi atakayefunga. Kenya, anayefunga sola anahitaji leseni ya EPRA, na iko kwa madaraja T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa na aina ya mfumo. Usiseme "fundi wetu ni mzuri." Sema: "Fundi akija, muulize leseni kabla hajapanda kwa paa."

Cha tatu ni pesa. Andika sentensi hii kwa skripti na usiibadilishe: "Sipokei pesa mkononi, na usinitumie kwa namba yangu. Lipa kwa Paybill ya kampuni, uweke namba ya akaunti iliyo kwa mkataba wako, kisha tusome pamoja jina lililo kwa meseji." PIN aiweke mwenyewe, hata kama macho yanamsumbua. Aitwe mjukuu, si wewe. Muuzaji anayeshika simu ya mteja ameshapoteza jibu lake lote.

Mwachie mkataba ulioandikwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inampa mtu aliyenunua nje ya duka la muuzaji siku 10, baada ya kupata nakala ya mkataba, kubadili nia bila kutoa sababu. Wauzaji wengi huficha hili. Ukilisema wewe kwanza, ule mkono ulioshika komeo hulegea.

"Nikikosa kulipa?"

Kulipia sola mdogo mdogo kwa simu kulianza kuenea Kenya 2012, M-KOPA ilipoingia sokoni, miaka mitano baada ya M-PESA. Watu wanajua kifaa hufungwa usipolipa. Wasichoambiwa vizuri ni hesabu yote.

Tuseme malipo ya kwanza ni 3,000, halafu 60 kwa siku kwa siku 450. Hiyo ni 27,000, jumla 30,000. Kama bei ya pesa taslimu ni 24,000, mwambie kwamba 6,000 ni gharama ya kulipa polepole. Ataifanya hiyo hesabu jioni na mwanawe aliye Nairobi, na kama hukuisema, utaonekana ulimficha.

Kisha uliza pesa yake huingia lini. Anayeuza maziwa hulipwa mwezi kwa mwezi. Mkulima wa kahawa anaweza kungoja miezi mingi. Sitini kila siku haimfai. Kama kampuni yako inakubali kulipa mbele, mwonyeshe: 1,800 siku ya pesa ya maziwa ni siku 30, na hafikirii tena. Akikosa siku 10, taa zinazima siku hizo na mwisho unasogea hadi siku ya 460. Lakini soma mkataba wako kabla ya kuahidi hivyo, kwa sababu kampuni nyingine huongeza faini au huchukua kifaa baada ya muda fulani. Kama hujui, usibahatishe. Piga ofisi ukiwa pale mlangoni, aweze kusikia jibu.

Mwisho wa maneno

Usimalize na "basi tufunge leo?" Maliza na karatasi ile ya hesabu: vifaa vyake, wati 120, bei zote mbili, Paybill, namba ya ofisi. Mwachie. Sema: "Ongea na watu wako, nitapita Alhamisi saa nne." Halafu upite Alhamisi saa nne kweli, hata kama kuna ukungu.