Ugua pole kwenye kundi la familia

Shangazi amelazwa, amefanyiwa upasuaji jana, na simu yake iko mkononi mwa binti anayemuuguza. Ujumbe unaotumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia utasomwa naye, lakini pia na ndugu walio mbali, ambao kwanza wataona mstari mmoja tu juu ya kioo. Hapo ndipo emoji huzua taharuki. Ukianza na “Shangazi yetu 😭🕊️”, aliye safarini ataelewa msiba, kwa kuwa njiwa na mshumaa vimezoeleka kwenye tanzia. Tena 😭 na 😂 zikiwa ndogo hufanana. Mzee mwenye macho hafifu anaweza kubonyeza kicheko akidhani ni kilio.

Anza na habari njema, kisha pole:

“Upasuaji umekwisha salama, alhamdulillah. Ugua pole, shangazi. Usijisumbue kujibu. Uji nitaleta jioni. Mungu akupe afya. 🤲💐”

Viganja vilivyo wazi, 🤲, vilivyoingizwa kwenye orodha ya Unicode mwaka 2017, Mwislamu huviona kama dua. 🙏 Hufaa pia, ingawa wengine huisoma kama shukrani. Shada linatosha kufunga. Emoji kumi mfululizo humchosha mgonjwa, nami naona mbili zinatosha.

Jina la ugonjwa na picha ya kitandani visiwekwe kundini bila idhini yake. Na msimsahau binti anayeuguza: mwandikieni pole yake, kwa jina lake.