Hoja ya Ukaguzi Ikihamia Kithai

Katika ripoti ya ukaguzi wa ndani, neno "Juu" ni kipimo. Mkaguzi amepima uwezekano wa hasara kutokea na ukubwa wake ikitokea, akapata ngazi inayoamua nani aarifiwe na kasoro irekebishwe upesi kiasi gani.

Tuseme kampuni ina kiwanda mkoani Rayong, Thailand, na ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza inatafsiriwa kwa mameneja wa huko. Hoja ya nne inasema karani mmoja anaweza kusajili mgavi mpya kwenye mfumo, kisha yeye huyohuyo akaidhinisha malipo yake. Uzito ni Juu. Mkuu wa fedha anatakiwa kutenganisha kazi hizo kabla ya 30 Juni 2025.

Muhtasari unatafsiriwa na mtu mmoja, anaandika "sung", yaani juu. Mwenzake aliyepewa maelezo marefu anaandika "runraeng", yaani kali. Yote ni Kithai kizuri, lakini jedwali la ngazi mwanzoni lina "sung", "panklang" na "tam" tu. Meneja anajiuliza kama "runraeng" ni ngazi ya nne, na akihesabu hoja za juu anapata pungufu. Ndiyo maana jedwali hilo hutafsiriwa kwanza, na maneno yake yakanakiliwa kila mahali. Shuleni tulikatazwa kurudia neno. Hapa rudia bila haya.

Pendekezo ndilo lenye mtego zaidi. "Tong" ni lazima, "khuan" ni inafaa, na "khuan phitcharana" ni inafaa kufikiria. Mtafsiri anayemwandikia mkubwa huvutwa na adabu kuelekea hilo la mwisho. Lakini aliyeambiwa afikirie anaweza kufikiri dakika tano, akaandika kwamba ametekeleza, hoja ikafungwa huku karani akiendelea kulipa. Tena sentensi ya Kithai inaweza kuacha mtenda bila kosa lolote la sarufi, na mkuu wa fedha akapotea kwenye jukumu lake. Cheo chake kiandikwe waziwazi.

Halafu kuna mwaka. Thailand huhesabu kwa kalenda ya Kibuddha, iliyotangulia yetu kwa miaka 543, hivyo 2025 ni 2568. Ukiacha 2025 mbele ya kifupisho cha kalenda hiyo, umempa mkuu wa fedha tarehe iliyopita mwaka 1482.

Kabla ya kukabidhi, weka matoleo mawili sambamba, hoja kwa hoja, ulinganishe uzito, kitenzi cha pendekezo, mhusika na tarehe. Mtu ambaye hajaona Kiingereza arudishe mapendekezo tu katika lugha hiyo, kilicholegea kitaonekana. Ukikuta ripoti ya asili yenyewe inasema lazima kwenye muhtasari na inafaa ndani, usichague. Mrudishie mkaguzi aamue, arekebishe kwanza Kiingereza chake.