Cheki Namba Kwanza, Historia Baadaye

Walimu na wauguzi wapya wanaporipoti kwenye halmashauri za Tanzania, hotuba ya kuwakaribisha huwa ni kazi ya Afisa Utumishi. Mikononi wana barua za ajira, vyeti halisi na namba za NIDA. Kichwani wana swali moja: mshahara wa kwanza utaingia lini? Afisa anayewajua watu wake huanzia hapo, historia ya wilaya akaiweka akiba.

Huwaeleza kwamba taarifa zao zikishaingizwa kwenye mfumo, kila mmoja atapata cheki namba, na bila hiyo hakuna mshahara. Namba ya akaunti ikikosewa, au jina la kwenye cheti likitofautiana na la NIDA, malipo ya mwezi yanaweza kufungwa huku mhusika akiwa bado nje. Kwa hiyo ni vyema hotuba isimame kidogo, watu wakague fomu zao herufi kwa herufi kabla ya chai.

Makato nayo yanataka mfano. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa asilimia 5, yaani 40,000, kwa ajili ya mfuko wa pensheni wa PSSSF. Mwajiri huongeza asilimia 15, yaani 120,000. Akilijua hilo mapema, hatashtuka akiiona hati yake ya mshahara.

Kisha huja utambulisho, na hapo ndipo hotuba nyingi huharibika. Wakuu wa idara husimama mmoja mmoja, vyeo vikatajwa, makofi yakapigwa, wakaketi. Mwalimu akishafika shule yake ya kijijini hakumbuki hata sura moja. Afadhali kila mtu atambulishwe kwa shida anayoitatua: "Huyu dada wa masjala ndiye mwenye majalada yenu, barua ikikawia kujibiwa, mwulizeni imekwama meza gani. Kaka huyu ni mhasibu wa mishahara. Makato msiyoyaelewa, mwoneni yeye."

Ila barua zina njia yake. Mwalimu huandika kupitia kwa mkuu wa shule, muuguzi kupitia kwa mganga mfawidhi, na barua iliyoruka ngazi hiyo huenda ikarudishwa ilikotoka. Wakuu hao ndio pia watakaotoa maoni kipindi cha majaribio, ambacho kwa kawaida ni miezi 12, kitakapokwisha na mtumishi akaomba kuthibitishwa kazini. Ajabu ni kwamba mara nyingi hawamo ukumbini siku hiyo, wako vituoni. Angalau majina na namba zao za simu zigawiwe.

Njia rahisi ya kupima kama hotuba imeeleweka ni kuuliza: "Mtoto akiugua usiku na kesho huwezi kufika kazini, unampigia nani?" Wakimtaja Afisa Utumishi, inabidi arudie ngazi zile tangu mwanzo.