Kusoma chati ya presha na jotoridi wakati wa kuhudumia friji

Mtungi wa gesi ya R-134a uliokaa kivulini usiku kucha, katika chumba chenye nyuzi 30 za Selsiasi, ukifungiwa geji husoma psi 97. Gesi ikitumika hadi nusu, kisha mtungi ukaachwa urudie joto la chumba, geji husoma psi 97 tena. Hata yakibaki matone machache tu ya gesi ya maji chini ya mtungi, sindano husimama pale pale. Presha hiyo haisemi gesi ni kiasi gani. Inachosema ni kwamba ndani kuna kimiminika na mvuke wake pamoja, na kwamba viwili hivyo viko kwenye nyuzi 30.

Hapo ndipo ilipo maana ya chati ya presha na jotoridi, ile karatasi ndogo ambayo fundi friji huibeba mfukoni au kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa. Kila gesi ya kupozea huchemka kwenye jotoridi fulani, na jotoridi hilo hupanda na kushuka pamoja na presha iliyo juu ya kimiminika. Kimiminika kinapochemka kuwa mvuke, au mvuke unapoganda kuwa kimiminika, presha moja ina jotoridi moja tu, nalo huitwa jotoridi la mchemko. Chati huorodhesha jozi hizo. Ukijua presha unapata jotoridi la mchemko, na ukijua jotoridi unapata presha.

Hii hapa sehemu ya chati ya R-134a, presha ikiwa ya geji kwa psi:

| Nyuzi za Selsiasi | psi |
|---|---|
| -20 | 5 |
| -15 | 9 |
| -10 | 14 |
| -5 | 21 |
| 0 | 28 |
| 5 | 36 |
| 30 | 97 |
| 35 | 114 |
| 40 | 133 |
| 45 | 154 |
| 50 | 176 |

Kabla ya kutazama namba yoyote, mwanagenzi husoma kibati cha mashine ili ajue ni gesi gani iliyomo, kwa sababu kila gesi ina safu yake. Kwenye nyuzi 30 zilezile, R-22 ina psi 158. Anayesoma safu ya jirani hupata jibu lililo mbali kabisa na ukweli. Pili, huangalia vipimo: chati nyingine zimeandikwa kwa bar au kilopaskali, na zile za Kimarekani hutumia Farenhaiti. Tatu, huhakikisha sindano ya geji imesimama kwenye sifuri kabla mpira haujafungwa kwenye mashine. Baada ya hapo huitafuta presha kwenye safu ya gesi yake, kisha hufuata mstari huo hadi kwenye jotoridi.

Mara nyingi sindano huangukia katikati ya namba mbili. Tuseme geji inasoma psi 25. Chati ina 21 kwa nyuzi -5 na 28 kwa nyuzi 0. Kutoka 21 hadi 28 ni hatua 7, na 25 imeshatembea hatua 4 kati ya hizo, zaidi kidogo ya nusu ya njia. Basi jotoridi nalo limepanda zaidi kidogo ya nusu ya zile nyuzi 5, na jibu ni karibu nyuzi -2. Usahihi huo unatosha kwa kazi ya kawaida.

Geji nyingi za mafundi zina chati hiyo hiyo usoni: duara la nje ni presha, na maduara ya ndani ni jotoridi la mchemko la gesi mbili au tatu. Sindano moja huonyesha yote kwa pamoja, ila fundi lazima afuate duara lenye jina la gesi iliyomo kwenye mashine.

Ndani ya friji linalofanya kazi, chati haisemi kweli kila mahali. Husema kweli pale tu kimiminika na mvuke vilipo pamoja, na mahali penyewe ni pawili. Pa kwanza ni katikati ya evapareta, ambako gesi huchemka ikinyonya joto la chumba. Pa pili ni katikati ya kondensa, ambako mvuke huganda ukitoa joto nje. Geji ya buluu, ya upande wa chini, humpa fundi jotoridi la kuchemkia katika evapareta. Geji nyekundu humpa jotoridi la kugandia katika kondensa.

Bomba linalotoka kwenye evapareta halina budi kubeba mvuke mtupu, na mvuke uliokwisha kuachana na kimiminika unaweza kupata joto zaidi bila presha kubadilika. Kwa hiyo bomba hilo hupimwa kwa kipimajoto chake. Tofauti kati ya joto la bomba na jotoridi lililosomwa kwenye chati ni joto la ziada, ambalo mafundi huliita supahiti. Kadhalika, kimiminika kinachotoka kwenye kondensa hupoa chini ya jotoridi lake la kugandia, na tofauti hiyo ni ubaridi wa ziada. Chati hutoa namba moja, kipimajoto hutoa ya pili, na uamuzi wa fundi hutokana na tofauti ya hizo mbili.

Tuchukue kabati la kioo la kuuzia nyama, la R-134a, lenye valvu ya upanuzi, na kondensa yake iko nje kwenye hewa ya nyuzi 33. Mwenye duka analalamika kwamba nyama haipoi. Geji ya buluu inasoma psi 5. Chati inasema gesi inachemka kwenye nyuzi -20. Anayetazama namba hiyo peke yake anaweza kudhani evapareta ni baridi kupita kiasi. Lakini kipimajoto kilichofungwa barabara kwenye bomba la kutokea, na kufunikwa kwa sponji ili hewa isikidanganye, kinasoma nyuzi 2. Kutoka -20 hadi 2 ni nyuzi 22 za joto la ziada. Maana yake, kimiminika kinachoingia ni kidogo mno. Kinaisha kuchemka mapema, na sehemu kubwa ya evapareta inapitisha mvuke mtupu usiopoza kitu.

Evapareta ina njaa, na sababu inaweza kuwa moja kati ya mbili zinazofanana sana ukitazama upande wa chini pekee: gesi imepungua, au njia ya kimiminika imeziba. Geji nyekundu ndiyo inayozitenganisha. Inasoma psi 133, yaani nyuzi 40 kwenye chati, na bomba la kimiminika baada ya kondensa lina nyuzi 39. Ubaridi wa ziada ni nyuzi 1 tu. Kondensa haina akiba ya kimiminika, kwa hiyo gesi imepungua. Kama draya ingekuwa imeziba, kimiminika kingerundikana nyuma yake na kupoa zaidi kabla ya kutoka, ubaridi wa ziada ungekuwa wa kawaida au mkubwa, na mkono ungehisi draya ina joto upande wa kuingilia na ubaridi upande wa kutokea.

Baada ya uvujaji kutafutwa na kuzibwa, mfumo kuvutwa vakyumu na gesi kuingizwa kwa mizani kwa uzito ulioandikwa kwenye kibati, mashine huachwa ifanye kazi hadi sindano zitulie. Sasa geji ya buluu inasoma psi 14, yaani nyuzi -10, na bomba la evapareta lina nyuzi -4. Joto la ziada ni nyuzi 6. Geji nyekundu inasoma psi 154, yaani nyuzi 45, na bomba la kimiminika lina nyuzi 39. Ubaridi wa ziada nao ni nyuzi 6. Evapareta imejaa bila kumwaga kimiminika kuelekea kompresa, na valvu inapokea kimiminika kitupu.

Gesi za mchanganyiko zina jambo la kuangaliwa. R-407C imetengenezwa kwa gesi tatu zisizochemka kwa pamoja, kwa hiyo presha moja ina jotoridi mbili: la chini, kimiminika kinapoanza kuchemka, na la juu, tone la mwisho linapokwisha. Tofauti yake ni kama nyuzi 6, na chati huipa gesi hiyo safu mbili, moja ya kimiminika na moja ya mvuke. Joto la ziada huhesabiwa kwa safu ya mvuke, na ubaridi wa ziada kwa safu ya kimiminika. Anayekosea na kutumia safu ya kimiminika kwenye bomba la evapareta huongeza nyuzi 6 zisizokuwapo. Hesabu yake inasema 8 na kumpa utulivu, ilhali ukweli ni 2, na kimiminika kiko karibu kufika kwenye kompresa. Kwa R-410A tofauti hiyo ni ndogo mno, na safu moja inatosha.

Kosa jingine hutokana na mwinuko wa mahali. Geji ya kawaida hulinganisha presha ya ndani na hewa iliyoizunguka, na chati zimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ambayo ni psi 14.7. Dar es Salaam au Mombasa hesabu hiyo haina tatizo. Nairobi, yapata mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni karibu psi 12 tu, na geji iliyowekwa sifuri huko husoma zaidi ya chati kwa psi 2.7 hivi. Ikisoma 14, namba ya kutafuta kwenye chati ni 11.3, na jotoridi la mchemko linakuwa karibu nyuzi -13, si -10. Joto la ziada lililohesabiwa kuwa 6 kwa kweli ni 9. Upande wa juu, psi 2.7 katika 154 hazifiki hata nyuzi 1, kwa sababu huko presha hupanda kwa kasi kwa kila nyuzi. Upande wa chini, na hasa kwa mafriji ya kugandisha, fundi wa nyanda za juu hupunguza kwanza tofauti hiyo kwenye namba ya geji, ndipo huifungua chati.