Kijiko Kimoja cha Mavi Katika Pipa la Maji

Maziwa yakipungua, mfugaji hukagua majani kwanza, kisha pumba, kisha humwita daktari wa mifugo. Pipa la maji huliangalia mwisho, na akikuta halijakauka huridhika. Ng'ombe hana uvumilivu huo, kwa kuwa yeye hunusa maji kabla ya kunywa.

Watafiti wa jimbo la Alberta, Kanada, walichapisha mwaka 2002 matokeo ya majaribio yao kuhusu jambo hili. Ng'ombe waliokuwa na nafasi ya kuchagua waliyakwepa maji yaliyotiwa mavi mabichi kiasi cha asilimia 0.005 tu ya uzito wake. Hizo ni gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, katika lita 100, na kwa macho maji hayo huonekana salama. Mitamba waliokunywa maji safi waliongezeka uzito kwa asilimia 23 zaidi ya wenzao waliokunywa bwawani moja kwa moja. Hata ndama ambao mama zao walipata maji safi waliwazidi wengine kwa asilimia 9.

Tofauti hiyo haitokani na magonjwa peke yake. Waliokunywa maji safi walitumia muda mrefu zaidi kula. Majani makavu hayawezi kusagika na kupita tumboni bila maji ya kutosha, kwa hiyo mnyama anayekunywa kidogo hubaki na tumbo lililojaa chakula cha jana, na hamu ya kula hupungua. Maziwa nayo ni maji kwa takribani asilimia 87. Sukari iliyomo ndiyo huvuta maji kutoka kwenye damu kuingia katika kiwele, na ng'ombe aliyekosa maji hatoi maziwa mazito zaidi, bali hutoa machache.

Tuchukue ng'ombe wa kilo 400 anayefugwa bandani na kutoa lita 10 za maziwa kwa siku. Anahitaji takribani lita 60 za maji, yakiwemo yaliyo ndani ya chakula chake. Wakati wa masika anakula kilo 50 za matete mabichi, na hayo peke yake yanamletea karibu lita 40. Dumu moja la lita 20 linamtosha, hata kama pipa lake si safi sana. Kiangazi anapewa mabua ya mahindi, ambayo kilo 10 zake hazina maji zaidi ya lita moja hivi. Sasa karibu mahitaji yake yote, madumu matatu, yanatoka katika pipa lile lile, na jua kali huongeza hitaji hilo. Hapo ndipo uchafu uliovumilika wakati wa masika unapoanza kupunguza maziwa, na mfugaji huyalaumu mabua peke yake.

Mbuzi wa maziwa anachagua kuliko ng'ombe. Anayetoa lita 2 anahitaji kama lita 6 hadi 10 kwa siku, lakini kinyesi kikidondoka ndani ya ndoo huweza kuyaacha yote. Dawa yake ni kuifunga ndoo nje ya banda, juu kidogo ya usawa wa mkia, penye tundu la kupitisha kichwa tu.

Ndama na vitoto vya mbuzi husahauliwa kwa kuwa wananyonya. Maziwa wanayonyonya hupita kwenye mfereji maalumu hadi tumbo la nne, na tumbo la kwanza, ambako nyasi huvundikwa, hayaligusi. Maji ya kunywa ndiyo huingia huko. Bila hayo tumbo hilo huchelewa kukomaa, na mnyama akiachishwa maziwa hudumaa.

Kupima ni rahisi. Asubuhi, baada ya kukamua, saa ambayo ng'ombe hunywa sana, weka maji ya pipa kwenye ndoo moja na maji mapya kwenye ndoo ya pili iliyooshwa. Rudia kesho yake ukibadilisha nafasi za ndoo. Akiiacha ya pipa siku zote mbili, amekupa jibu. Mavi makavu kuliko kawaida na tabia ya kunusa kisha kulamba maji kidogo kidogo ni dalili nyingine.

Kumwaga maji ya zamani hakutoshi, kwa sababu utelezi unaoshika kuta za pipa utayachafua mapya. Usugue kwa brashi, suuza, halafu jaza. Pipa likae mbali na mkia na lisiwe chini ya hori, maana pumba na mate yakidondoka humo huchacha.

Kusugua hakuondoi chumvi ya kisima. Maji yakivuka gramu 3 za chumvi kwa lita, ng'ombe wa maziwa huanza kuathirika, na kuyachemsha huzidisha ukali kwa kuwa maji hupungua na chumvi hubaki. Kwa kisima cha namna hiyo, yapimwe maabara, kisha yachanganywe na maji ya mvua, na yale matamu zaidi wawekewe ndama na wanaokamuliwa.