"Poa" Yenye Nukta

Jumatatu usiku, binti mmoja anayesoma uhasibu mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam alifungua ukurasa mpya wa shajara yake, akanakili ujumbe aliotumiwa na kijana wanayesoma naye. Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: "Poa." Chini yake alijaza nusu ukurasa wa tafsiri.

Jina lake tunalihifadhi. Mchana wa siku hiyo kikundi chao cha watu watano kilikuwa kimewasilisha kazi darasani. Yeye alikwama katikati ya maelezo, na kijana huyo akaingilia kumwokoa. Jioni akamwandikia: "Leo umeniokoa kweli. Siku moja nikununulie chai pale kantini." Maneno hayo aliyapanga kwa muda mrefu, maana kijana anampenda na alitaka chai hiyo imfikishe mahali. Jibu likawa neno moja na nukta.

Shajara ya Jumatatu ina tafsiri tatu: amekubali, amekubali kwa adabu tu, amekereka. Ya tatu ameipigia mstari kwa sababu ya ile nukta.

Hakuwa anaota. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 126 mialiko mifupi na majibu yake ya neno moja. Jibu lililoishia na nukta, likisomwa kwenye simu, lilionekana kutoka moyoni kidogo kuliko lisilo na nukta. Majibu yaleyale yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, nukta haikubadilisha kitu. Kwenye simu kubonyeza "tuma" tayari kunafunga sentensi, kwa hiyo msomaji akiona nukta hudhani imewekwa makusudi. Lakini huo ni wastani wa wasomaji wengi wa Kiingereza. Hausemi kijana fulani alikuwa na nia gani usiku fulani, tena kibodi nyingi za simu huweka nukta zenyewe mtu akigonga nafasi mara mbili.

Jumanne ilikuwa siku ya tiki. Asubuhi binti alituma swali kuhusu sehemu ya pili ya kazi ya kikundi. Tiki moja ikakaa hadi saa sita mchana. Zikawa mbili za kijivu. Saa nane zikageuka bluu, na jibu halikuja. Shajara inasema: "Amesoma, amenyamaza."

Tiki za bluu zilianza WhatsApp mwezi Novemba 2014, na tangu hapo watu wamezibebesha maana nyingi kuliko zinavyoweza kubeba. Tiki moja husema ujumbe umetoka kwako na haujafika kwenye simu ya mwenzako. Pengine simu imezimwa, bando limekwisha au mtandao haupo. Aliyeblokiwa naye huona tiki moja, ila kwake ya pili haiji kabisa. Mbili za kijivu husema simu imepokea. Mwenye simu anaweza kuwa amesoma kila kitu kwenye arifa bila kufungua mazungumzo, na tiki zikabaki za kijivu. Anaweza pia kuwa amezima taarifa za kusoma, ambapo bluu haitaonekana hata akisoma mara kumi. Bluu nayo husema mazungumzo yamefunguka kwenye kioo cha simu, basi. Ukiacha mazungumzo ya mtu wazi ukaenda kuinjika chai, ujumbe wake ukiingia utageuka bluu nawe uko jikoni.

Jibu lilikuja Jumatano: "Nilipotea kidogo 😁"

Binti aliona meno yaliyobanwa, sura ya mtu aliyeshikwa na aibu. Mwenzake wa chumbani alipotazama simu ileile aliona mtu anayecheka kwa furaha. Kikatuni hiki kina historia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaomba watu wapime hisia za emoji kama zinavyochorwa na kampuni mbalimbali. Hii ya meno ndiyo iliyogawa watu waziwazi: kwenye simu za Google ilisomwa kama furaha, na kwenye simu za Apple za wakati huo kama hisia inayoelekea ubaya. Apple walibadilisha mchoro wao baadaye. Utafiti huo ulionyesha jambo jingine lililomhusu zaidi binti wetu. Hata watu waliotazama mchoro uleule mmoja, takriban robo ya nyakati hawakukubaliana kama hisia yake ni nzuri, mbaya au ya katikati. Wasichana wawili kitanda kimoja, simu moja, na bado hawakuafikiana.

Alhamisi ikaitwa kamati. Wasichana wanne wa hosteli walikaa kusoma mazungumzo yote tangu muhula ulipoanza. Mmoja alilisoma "Poa" kwa kuvuta, kama mtu anayetabasamu. Mwingine akalikata fupi, kama mlango unaofungwa. Kila msomaji alileta sauti yake mwenyewe, na kila mmoja aliapa kwamba sauti hiyo imo ndani ya ujumbe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliandikiana sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli. Waandishi walitarajia wenzao watambue dhati na kejeli kwa asilimia 78. Waliosoma barua pepe walipatia asilimia 56, ambayo haipishani sana na kurusha sarafu. Waliosikia sauti walipatia asilimia 73. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwandishi husikia sauti yake kichwani anapoandika, na ni vigumu kwake kukumbuka kwamba sauti hiyo haisafiri pamoja na herufi.

Msichana mmoja wa kamati, mzaliwa wa Tanga, alisema bibi yake alikuwa akijibu majirani kwa kanga. Maandishi ya kanga yaligonga, lakini mvaaji akiulizwa alisema ameipendea rangi. Tofauti ni kwamba bibi alikwenda dukani akalichagua fumbo lake. Hapa hakuna aliyejua kama kijana ametunga fumbo lolote, au kama walitunga wao wanne.

Aliyeokoa kikao ni yule wa chumbani. Hakutafsiri kitu. Alichukua simu, akapandisha mazungumzo ya kikundi cha darasa, na kuhesabu jinsi kijana anavyowajibu wengine. Kwa kiongozi wa darasa: "Sawa." Kwa aliyemtumia noti: "Asante." Kwa aliyemtakia heri ya siku ya kuzaliwa: "Amina." Nukta kila mahali. Kama nukta ni kukereka, basi kijana amekerwa na darasa zima pamoja na siku yake ya kuzaliwa. Ishara huwa na uzito pale mtu anapotoka kwenye desturi yake mwenyewe, na "Poa." haikutoka popote. Tafsiri ya tatu ikafutwa. Mbili za kwanza zilibaki, na hakuna ujumbe ambao ungeweza kuzitenganisha.

Ijumaa, badala ya kuuliza, binti aliingia naye kwenye mafumbo. Aliweka stetasi: "Wengine wanajua walichofanya, wananyamaza tu." Stetasi ya WhatsApp huishi saa 24 na humwonyesha mwenyewe majina ya waliotazama, kama hawajazima taarifa za kusoma. Jina la kijana lilitokea ndani ya saa moja. Hakuandika neno. Waliojibu ni mama mdogo wake wa Morogoro, "Mwanangu nani kakukosea?", na rafiki aliyeuliza kama ni kuhusu pesa alizomkopa. Jumamosi asubuhi mwanakikundi mwenzao, ambaye hata hakuwa akimuwaza, alimwandikia: "Dada, samahani kama nilikukwaza." Ujumbe huo uliingia kwenye shajara na alama tatu za kuuliza.

Mchana huo alikaa kuandika ujumbe ulionyooka. Rasimu ya kwanza ilianza na wasilisho la Jumatatu, ikapitia tiki, ikafika kwenye stetasi na kuishia na "sijui kama umenielewa." Mwenzake wa chumbani aliuliza: "Sasa hapa ajibu nini?" Hakukuwa na swali. Rasimu ya pili iliuliza "Hivi wewe unanionaje?", ambalo mtu anaweza kulijibu kwa "Poa." Rasimu ya tatu ilikuwa na sentensi tatu: ninachojisikia, nilichomaanisha, na swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana. Alipoisoma kwa sauti aliona ni fupi kiasi cha kusemwa. Akaamua kuisema.

Jumapili alasiri alimkuta nje ya maktaba.

"Nina jambo nataka kukuuliza, na ukikataa hatutagombana," alimwambia. "Mimi nakupenda. Ile chai nilimaanisha mimi na wewe tu, siyo kikundi. Ungependa?"

Kijana alikaa kimya kidogo. "Kumbe! Mimi nilijua unarudisha fadhila ya Jumatatu." Kisha akasema, "Nisikudanganye. Nina mtu, yuko Mbeya, tangu kidato cha sita. Ila nashukuru umeniambia."

Iliuma, na shajara haifichi hilo. Lakini aliyemwendea na swali moja aliondoka na majibu ya wiki nzima, kwa sababu baada ya hapo waliulizana yaliyobaki. Jumatatu bando lilikuwa limemwishia, ndiyo maana Jumanne ujumbe ulikaa na tiki moja. Saa nane aliufungua ndani ya daladala akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, akasema atajibu akifika, akasahau. Zile "Nilipotea kidogo" na meno yake zilikuwa aibu ya kusahau. Hapo binti alikuwa amepatia. Suala la Mbeya halikuwamo katika tafsiri hata moja, wala lisingeweza kuwamo, kwa kuwa halikuandikwa popote.

Ndipo kijana naye akauliza lake. "Ile stetasi ya Ijumaa, si ulikuwa unamsema jamaa aliyechelewa kuleta sehemu yake ya kazi? Nilimpigia nikamwambia akuombe radhi."

Wakampigia palepale, wakaweka spika.

"Kwa hiyo hukunikasirikia, dada?" sauti ikauliza.

"Wala. Sikuwa nakuwaza kabisa."

"Jamani! Na mimi nimeshamaliza sehemu ya pili yote peke yangu. Jana nimeichapisha na kuijalidi kwa hela yangu."