Kanta ikishamkataa mtu

Tuchukue mama wa Newala anayepaka kanta nyeusi kila mwezi ili kuficha mvi, mwaka wa sita sasa. Kapaka Ijumaa kwa ajili ya harusi. Jumamosi usiku kichwa kinamwasha, na Jumapili asubuhi kope zimevimba hata macho hayafumbuki, huku nyuma ya masikio pakitoa majimaji. Anauliza: mbona miaka yote haikunidhuru?

Wabangua korosho wanaweza kumwelewa. Mafuta ya ganda la korosho humuunguza yeyote, lakini wapo ambao baada ya muda ngozi yao huyakataa kabisa, na tone dogo tu huwatoa malengelenge. Kanta ina kemikali yake, parafenilinidayamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa PPD au namba 76060. Kinga ya mwili huweza kuizoea kimyakimya kwa miaka, kisha siku moja ikaihesabu kuwa adui. Tangu hapo haisahau. Dalili zenyewe huchelewa, mara nyingi siku moja hadi tatu, na huonekana zaidi usoni na masikioni, kwa kuwa ngozi ya kichwa ni nene na ya kope ni laini.

Kwanza aoshe nywele kwa sabuni laini na maji mengi, hata kama maji ya ndoo ni ghali huko Newala. Hana haja ya kunyoa: rangi iliyokwisha kukomaa ndani ya unywele haisumbui kama ile mbichi. Kisha aende kituo cha afya. Uvimbe wa namna hii hutulizwa kwa dawa ya steroidi, ya kupaka au, ukiwa mkubwa, ya kumeza kwa siku chache chini ya uangalizi. Vidonge vya aleji hupunguza mwasho kidogo tu. Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, asisubiri hata saa moja.

Baada ya hapo asirudie kanta, wala kwa kiasi kidogo. Rangi za kudumu zinazouzwa kama "hazina PPD" nazo si za kuaminiwa, kwani nyingi hutumia toluini-diamini, na karibu nusu ya waliokataliwa na PPD huikataa hiyo pia. Piko ya kuchora mikononi nayo mara nyingi huwa na kemikali ileile.

Kinachobaki salama zaidi ni hina halisi. Unga wake ni wa kijani, huchukua saa kadhaa, na hutoa wekundu wa kahawia. Hina inayotoa weusi tii ndani ya nusu saa imechanganywa na kitu. Anayetaka weusi apake hina kwanza, kisha unga wa nili wa mmea. Kila pakiti mpya ajaribu tone kwenye kiwiko kwa ndani, asubiri siku mbili, na amwambie msusi pamoja na daktari wa meno kuwa kanta imemkataa, maana baadhi ya ganzi za kupaka hukataliwa na ngozi hiyohiyo.